Niliuliza Swali Moja Mara Mia Mbili

Kwa miezi saba nilimwambia mwenzangu kwamba simu za watu wetu haziwezi kubeba askari mia mbili. Miezi minne ya mwanzo niliyaamini maneno hayo. Mitatu iliyofuata niliyatilia shaka, lakini niliendelea kuyasema kwa sababu ramani zilikuwa zimeshachorwa upya, na kurudi nyuma kungenilazimu kueleza kisa chake. Kosa lilikuwa kwenye msimbo wangu. Halikuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Nalieleza hapa lilivyokuwa kwa sababu najua wapo wanaotengeneza michezo ya vita kwa ajili ya simu za bei nafuu ambao hivi sasa wanayapunguza majeshi yao, kama nilivyolipunguza langu.

Mchezo wetu unahusu Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Tupo wawili tu: yeye anachora na kupanga vita, mimi naandika msimbo. Tangu siku ya kwanza alichokitaka ni wingi. Alitaka mchezaji akigusa mahali kwenye kioo, kundi zima linyanyuke kwa pamoja, likatishe uwanda, lizunguke ukuta na kumiminika langoni. Alichora ukuta mrefu wenye mikunjo, malango machache membamba, na Mto Ruaha Mdogo ukipita pembeni. Kwenye daftari lake, juu ya kila ramani, aliandika: askari 200.

Mimi niliigawa ramani kuwa miraba 128 kwa 128, jumla 16,384. Ukitoa maji, kuta na mawe, ilibaki miraba 13,100 inayokanyagika. Kisha nikaandika utafutaji wa njia kwa A*, kama nilivyofundishwa na kama kila kitabu nilichokifungua kilivyonielekeza. Asiyeijua A* aifikirie hivi: askari anaanza kwenye mraba aliosimama, anafungua miraba ya jirani, na kwa kila mmoja anajumlisha hatua alizokwisha kwenda na kisio la umbali uliobaki mpaka aendako. Mraba wenye jumla ndogo ndio unaofunguliwa kwanza. Kisio hilo ndilo linalomvuta kuelekea upande sahihi badala ya kutapanya kila upande. Kama hakuna kizuizi kikubwa, atafungua miraba michache sana kuliko yote iliyopo, na njia atakayoipata ni fupi kuliko zote.

Mchezaji alipogusa kioo, msimbo wangu ulipita kwa kila askari aliyechaguliwa na kumtafutia njia yake. Askari mia mbili, tafutizi mia mbili. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Kila mmoja yupo mahali pake, basi kila mmoja ana njia yake. Sentensi hiyo ndiyo kosa lote, na sikuigusa kwa zaidi ya nusu mwaka.

Kwenye laptopu yangu, kati ya kugusa na askari kuondoka palipita kama robo sekunde. Nikaichukulia kuwa ni muda wa jeshi kuitika amri, na hata nikaona unapendeza. Simu yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa pesa nyingi mwaka uleule, ilichelewa kidogo zaidi. Tukatoa toleo la kwanza.

Malalamiko yakaja wiki ileile. Mchezo unastaki. Ukigusa, kila kitu kinaganda, halafu baadaye askari wanaondoka. Wengine walisema unajizima kabisa. Nikaangalia aina za simu walizotaja na karibu zote zilikuwa za bei ya chini, zenye prosesa za viini vinne vidogo na kumbukumbu ya gigabaiti moja. Hapo nikafanya jambo ambalo ndilo ninaloliungama kwanza: nilitafuta sababu nje ya kazi yangu, nikaipata mara moja, na sikupima chochote. Simu ni dhaifu. Basi.

Hata hivyo nilijaribu kuirekebisha, na majaribio yenyewe yalikuwa sehemu ya kosa. Kwanza nililikuza kisio la umbali ili A* ivutwe zaidi kuelekea shabaha na kufungua miraba michache. Uwandani ilisaidia. Kwenye ukuta haikusaidia, kwa sababu ukuta wa ngome ndio mahali ambapo kisio linadanganya: askari yupo nje, shabaha ipo ndani, umbali wa moja kwa moja ni miraba kumi, lakini lango liko upande wa pili. Kisio linamsukuma kwenye ukuta, anafungua kila mraba ulio karibu na ukuta, kisha mduara wa nyuma yake, kisha wa nyuma zaidi, mpaka mafuriko yafike langoni. Ukilikuza kisio unamsukuma ukutani kwa nguvu zaidi.

Pili, nikaihamishia kazi ya kutafuta njia kwenye uzi wa pembeni, ili kioo kisigande. Kioo kweli hakikuganda tena, lakini askari wakawa wanaondoka mmojammoja, wa kwanza papo hapo na wa mwisho baada ya sekunde tatu. Kazi ilikuwa ileile, imehamishwa chumba tu. Na simu ya bei nafuu ikifanya kazi nzito kwa dakika kumi inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo sekunde tatu za mwanzo wa mchezo ziligeuka kuwa tano katikati ya vita.

Ndipo nikamwendea mwenzangu. Nakumbuka tulivyokaa, katika chumba tulichokipanga Sinza, feni ikizunguka, yeye amefungua ramani ya lango la mashariki. Nikamwambia, "Dada, mia mbili haiwezekani. Simu za watu wetu hazina nguvu hiyo. Tushuke mpaka arobaini."

Akaniuliza, "Una uhakika, kaka?"

Nikamjibu kwamba nina uhakika. Sikuwa nao. Nilikuwa na mahesabu ya kichwani tu: mia mbili zinachukua sekunde tatu, basi arobaini zitachukua chini ya sekunde moja, na watu watavumilia. Aliifunga ile ramani bila kusema neno. Kwa wiki sita alichora upya ramani zote 14, kwa sababu uwanja uliopangwa kwa watu 200 ukiwekewa 40 unaonekana mtupu. Aliusogeza ukuta, aliyapanua malango, alifuta mikunjo ambayo ilikuwa ndiyo akili ya ile ngome. Tukatoa toleo la pili. Malalamiko yakapungua, na wachezaji nao wakapungua.

Baada ya hapo nilienda Iringa kwa shangazi yangu kwa siku chache. Mwanawe ana miaka kumi na minne. Jioni ya kwanza nilimkuta amekaa kizingitini na simu ya zamani ya mama yake, kioo kina ufa wa pembeni, na nikausikia mlio wa ngoma ambao niliuweka mimi mwenyewe. Alikuwa anacheza mchezo wetu, naye hakujua kwamba ni wangu. Nikakaa karibu yake nikatazama.

Lilikuwa toleo la kwanza. Alirushiwa na rafiki yake simu kwa simu, na hakuwahi kulisasisha kwa sababu bando ni la mama. Alikuwa na askari 200. Aligusa ndani ya ngome, kisha akaiweka simu kwenye goti na kusubiri, ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Sekunde tatu. Askari wakaondoka wote.

Nikamwuliza kama haimkeri. Akasema, "Ukizoea siyo mbaya. Ila usiguse mtoni."

"Ukigusa mtoni inakuwaje?"

"Inaganda kabisa, kinatokea kale kasanduku kanakuuliza usubiri au ufunge. Ukibonyeza kusubiri, inarudi. Mimi nagusa kando tu." Akanionyesha kwa kidole: ufukwe ruksa, maji hapana, mawe yaliyo katikati ya mto hapana.

Nikamwambia lipo toleo jipya ambalo haligandi hivyo. Akajibu bila kuinua macho: "Nililiona kwa jamaa. Lina watu wachache. Hili la wengi ndilo tamu."

Sikulala vizuri usiku ule. Maneno ya mwisho yaliniuma, lakini yaliyonikesha ni yale ya mto. Kama tatizo ni udhaifu wa simu, kwa nini maji yawe mabaya kuliko ukuta? Simu ni ileile, askari ni walewale. Mtoto alikuwa ameshachora, kwa subira yake, ramani ya mahali msimbo wangu unapoumia, nami niliyeuandika sikuwa nayo.

Asubuhi niliiazima ile simu. Nikaweka kwenye msimbo wa toleo la kwanza kihesabio kimoja tu, cha kuhesabu miraba yote inayofunguliwa na A* kwa mguso mmoja, na saa ya milisekunde. Kazi ya dakika kumi, ambayo ningeweza kuifanya siku ya malalamiko ya kwanza. Nikagusa ndani ya ngome: miraba 1,140,000 ilifunguliwa, kwa sekunde 2.9. Nikagusa mtoni: miraba 2,620,000, kwa sekunde 6.5.

Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Ramani yote ina miraba 13,100 inayokanyagika. Gawanya 2,620,000 kwa 200, unapata 13,100 kamili. Kila askari, peke yake, alikuwa anafungua nchi nzima. Mraba wa maji haufikiki, na A* haiwezi kujua kwamba mahali hapafikiki mpaka iwe imemaliza kila mraba unaofikika. Askari wa kwanza anaizunguka nchi yote, anarudi na jibu kwamba hakuna njia. Jibu linatupwa. Wa pili anaizunguka nchi ileile na kurudi na jibu lilelile. Mara mia mbili. Na kwa kuwa katika toleo la kwanza niliiandika kazi hiyo katika sehemu ileile inayopokea mguso, Android ilipoona programu haijauitikia mguso kwa sekunde tano ikatoa kile kisanduku cha kuuliza.

Na ndani ya ngome hali haikuwa tofauti sana. Miraba 1,140,000 kwa askari 200 ni 5,700 kwa kila mmoja, karibu nusu ya nchi, kwa sababu ya ule ukuta unaolidanganya kisio. Na karibu yote ilikuwa miraba ileile, kwa kuwa askari walisimama kambi moja na walikuwa wanakwenda lango moja. Simu haikuwa dhaifu. Mimi niliiuliza swali moja mara mia mbili, nayo ikanijibu mara mia mbili.

Kulikuwa na jambo la pili ndani ya hilo la kwanza. Kila mraba uliofunguliwa niliuundia kitu kipya katika kumbukumbu: mraba gani, umetoka wapi, jumla yake ngapi. Vitu vidogo milioni moja na zaidi kwa mguso mmoja, ambavyo Java lazima ivifagie baadaye. Vitu hivyo vimetawanyika kwenye kumbukumbu, na prosesa ndogo za simu za bei nafuu, kama Cortex-A53, hutekeleza amri kwa mpangilio zilivyoandikwa. Data isipokuwa karibu, prosesa haina uwezo mkubwa wa kuruka mbele na kufanya jambo jingine, inasimama kuisubiri. Prosesa ya laptopu inaruka mbele kwa wepesi, na ndiyo maana uzembe wangu haukuonekana kwenye meza yangu. Kila mraba ulichukua mikrosekunde mbili na nusu kwenye simu ya shangazi. Sehemu kubwa ya muda huo haikuwa hesabu. Ilikuwa kusubiri.

A* ilichapishwa mwaka 1968 na Hart, Nilsson na Raphael, waliokuwa Stanford wakishughulika na roboti iliyoitwa Shakey. Roboti moja, inatoka hapa inakwenda pale. Kwa kazi hiyo sijui kanuni bora ya kumfundisha mwanafunzi, na sina ugomvi nayo. Jeshi ni swali jingine: sehemu nyingi za kuanzia, mahali pamoja pa kufika. Ukiligeuza swali, ukaanza kutoka kwenye shabaha na kutapanya kwenda nje mpaka kila mraba ujue uko hatua ngapi kutoka hapo, basi umemjibu askari yeyote aliyesimama popote. Ni kazi moja. Haitegemei kama askari ni mmoja au elfu. Mchezo wa Supreme Commander 2, wa mwaka 2010, uliongoza vikosi vyake kwa mbinu ya jamii hiyo. Nami nilikuwa nimesoma habari zake kabla hata hatujaanza Kalenga. Nilizipita. Nilidhani ni mambo ya michezo mikubwa kwenye kompyuta kubwa, kumbe mwenye kompyuta ndogo ndiye anayeyahitaji zaidi.

Kiini chake ni mistari hii:

```java
while (head < tail) {
    int c = queue[head++];
    for (int k = 0; k < 4; k++) {
        int n = c + step[k];
        if (wall[n] || dist[n] != FAR) continue;
        dist[n] = (short) (dist[c] + 1);
        queue[tail++] = n;
    }
}
```

Kabla ya kitanzi, `dist` yote inajazwa `FAR`, mraba wa shabaha unapewa sifuri na kuwekwa wa kwanza kwenye foleni. Foleni ni safu ya namba tu, ya kawaida, anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Haihitaji kupangwa upya kila mara kama ile ya A*. Hakuna kitu kipya kinachoundwa, kwa hiyo hakuna cha kufagia. Kingo za ramani zote ni ukuta, kwa hiyo `n` haiwezi kutoka nje na sihitaji kukagua mipaka. `dist` ni namba za baiti mbili, kilobaiti 32 kwa ramani nzima.

Baada ya hapo napita mara moja zaidi na kuuandikia kila mraba mshale: kati ya majirani zake wanane, yupi ana umbali mdogo zaidi. Jirani wa mshazari anakubaliwa tu kama miraba miwili inayopakana naye haina ukuta, la sivyo askari watakata kona na kupenya kwenye jiwe. Mshale ni baiti moja, jumla kilobaiti 16. Mishale yote inaenea kwenye akiba ya karibu kabisa na kiini cha prosesa, ambayo kwenye simu nyingi za aina hii ni kilobaiti 32. Askari anapotembea hana njia aliyobeba. Anatazama mraba alioukanyaga, anasoma mshale, anakwenda.

Nikapima kwenye simu ileile, nimekaa kizingitini palepale. Miraba 13,100, milisekunde 9. Kutoka 2,900.

Hata 9 sikuzitumia kwa mkupuo. Mchezo unachora fremu 30 kwa sekunde, yaani milisekunde 33 kwa fremu, na uchoraji wa askari 200 peke yake ulikuwa unakula kama 25. Kwa hiyo nasimamisha kitanzi kila baada ya miraba 4,500 na kuendelea fremu inayofuata. Kazi yote inaisha katika fremu tatu, moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo askari wanageuza nyuso na kuinua mikuki. Huo mwitiko wa amri niliokuwa najidanganya kwamba ninao, sasa upo kweli.

Mto ulitaka dawa yake. Ramani inapofunguliwa, natapanya mara moja na kuupa kila mraba namba ya nchi kavu uliomo: bara ni 1, kisiwa cha mawe ni 2, na kadhalika. Mchezaji akigusa, nalinganisha namba ya shabaha na ya mraba wa askari. Zikitofautiana, au shabaha ikiwa ni maji, natafuta kwa mduara unaopanuka mraba wa karibu wenye namba ya askari, na huo ndio unakuwa shabaha. Lango likibomolewa au daraja likivunjwa, namba zinaandikwa upya, tena kwa milisekunde chache. Anayetaka kujua kama mchezo wake una ugonjwa huu hahitaji chombo chochote: aguse mahali pasipofikika na jeshi zima, aone. Sehemu isiyofikika ikichukua muda mrefu kuliko sehemu ya mbali inayofikika, majibu yanatafutwa mara nyingi kuliko idadi ya maswali.

Sitaki mtu adhani kila kitu kilinyooka. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mishale ni ya wote. Askari 200 wanaosoma mishale ileile wanajipanga mstari mmoja, wanakwaruza ukuta, wanagombania mraba uleule wa kona. Nilikuwa nimeweka nguvu ya kusukumana ili wasipandane, na langoni, penye upana wa miraba miwili, walio nyuma waliwasukuma walio pembeni mpaka ndani ya ukuta. Mraba wa ukuta hauna mshale. Askari aliyesukumiwa humo anabaki anatetemeka mahali pamoja mpaka vita viishe. Niliona watatu wa namna hiyo, kisha nikawa nawaona kila mahali. Tiba ilikuwa kuukagua msukumo kabla ya kuukubali: kama unampeleka kwenye mraba wa ukuta, sehemu yake ya upande huo inafutwa, abaki na ile inayokwenda sambamba na ukuta. Na kusukumana kwenyewe sikulinganishi kila askari na kila askari, maana hiyo ni jozi karibu 20,000 kwa kila fremu. Nawaweka kwenye vikapu vya miraba minne kwa minne, na kila mmoja anawatazama walio kwenye kikapu chake na vinavyopakana nacho.

Shabaha nayo ni mraba mmoja, na watu 200 hawaenei kwenye mraba mmoja. Walifika na kuanza kuzunguka-zunguka wakipigana vikumbo kama nyuki. Sasa askari anayegusana na mwenzake aliyekwisha kufika, naye akiwa karibu na shabaha, anahesabiwa amefika. Kundi linajaa kutoka katikati kwenda nje, na linatulia.

Na kuna mahali ambapo mishale haifai. Kwa kuwa nahesabu hatua za pande nne tu, uwandani askari wanakwenda mshazari kwanza kisha wananyooka, mwendo usiofanana na wa mtu anayeona aendako. Nilipunguza hilo kwa kumruhusu aliye na njia wazi ya macho mpaka kwenye shabaha aende moja kwa moja bila kusoma mshale. Mpelelezi mmoja anayetumwa peke yake bado namtafutia njia kwa A*, na wabeba chakula wanaokwenda ghalani na kurudi wanasoma mishale ya ghala iliyoandikwa mara moja mwanzoni. Kila shabaha mpya ni uwanja mpya wa mishale, kwa hiyo mchezo ambao kila mtu anakwenda kwake utaumia kwa mbinu hii kama mimi nilivyoumia kwa ile nyingine. Swali la kuanzia ni shabaha ni ngapi, kabla ya kuhesabu askari.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na toleo linalofanya kazi kwenye laptopu, na nikakaa nalo siku nne kabla ya kumwonyesha. Siku hizo nne pia ni zangu kuziungama. Nilikuwa natunga namna ya kulieleza kama ugunduzi mpya, kitu kilichowezekana sasa kwa sababu nimesoma zaidi. Kisha nikakumbuka wiki sita zake mezani, mgongo umepinda juu ya kioo, akifuta mikunjo ya ukuta. Nikampa simu yenye askari 200 na kumwambia kwamba jambo hili lingewezekana tangu mwanzo, kwamba sikupima, na kwamba siku aliyoniuliza kama nina uhakika sikuwa nao.

Aligusa lango la mashariki. Akagusa mto. Askari wakaenda mpaka ukingoni wakasimama. Akagusa tena na tena, bila kunitazama.

"Kwa hiyo haikuwa simu," akasema.

"Haikuwa simu, dada."

Akaniuliza ramani za kwanza ziko wapi. Ilinibidi nimwambie na hilo. Tulipotoa toleo la pili niliziandika mpya juu ya zile za zamani, kwa kuwa nilikuwa na hakika hatutazihitaji tena. Zilizopona ni tatu zilizokuwa kwenye kompyuta yake. Nyingine kumi na moja anazichora sasa kutoka kwenye daftari na kichwani. Tisa zimekamilika. Mbili zimebaki, kwa sababu lango la kaskazini halikuwemo daftarini, na kila akilichora anasema sipo hapo lilipokuwa.